Njia Aliyoikata Antonia

Wanaume wa huku kwetu husema nywele ni mambo ya wanawake. Wasikudanganye. Tangu niolewe hapa Sigino nimewaona wengi wakijitazama kwenye vioo vya pikipiki, wanadhani hakuna anayewaona. Jirani yangu Anselimu, ambaye sote tunamwita Baba Jenipher, hakuwa na tabia hiyo ya kujitazama. Hakuhitaji kioo, alikuwa na mke.

Uwaraza ulimwanza mapema, Jenipher bado anasoma shule ya msingi. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye pembe mbili za paji la uso, tena hazikurudi sawasawa. Upande mmoja zilirudi kwa pembe nyembamba, safi, inayoingia ndani na kuishia mahali panapoonekana. Upande wa pili zilirudi kwa upana, zikaacha vinywele vilivyotawanyika kama mbaazi zilizoota baada ya kuliwa na kuku. Yeye akafanya wanavyofanya wote. Akazifuga za mbele, akawa anazichana kuelekea usoni. Upepo wa mlima Kwaraa ukivuma, siri inakuwa hadharani. Ndipo akanunua kofia ya pama, ikawa haitoki kichwani ila kanisani na kwenye sala za jumuiya, maana huko mwanaume haruhusiwi kuvaa kofia. Hata picha zake zote za miaka ile ni za pama, kwa sababu picha tunapiga nje baada ya misa, na yeye akishavuka mlango tu, pama iko kichwani.

Marehemu Antonia ndiye aliyemkomesha kufuga zile nywele za mbele. Antonia alikuwa rafiki yangu, na mdomo wake haukuwa na breki. Jumamosi moja alitoa kigoda nyuma ya jiko, akamwita mumewe, akamfunga kanga shingoni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia. "Na wewe wala huumwi. Kaa hapa."

Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio wa minyaa, nachambua maharage, na sikuona sababu ya kuondoka.

Alimkata kwa mkasi na kitana. Pembeni, juu ya masikio, alizifupisha sana. Juu aliziacha ndefu kidogo kuliko pembeni, lakini si ndefu za kulala, kwa sababu nywele ndefu zikikaa jirani na ngozi tupu, ngozi huonekana tupu zaidi. Mbele hakugusa kwa wembe. Vijana wa mjini huchongwa mstari ulionyooka kwenye paji, na kila kinyozi akitaka kuusawazisha anakula kidogo, mwingine anakula kidogo, mwisho kijana wa miaka ishirini ana paji la babu yake. Antonia aliacha ukingo uwe laini kama ulivyoota. Kisha akachukua wembe, akakata njia. Njia ni ule mstari mwembamba wa kugawa nywele, na yake ilikuwa fupi, haizidi urefu wa kidole. Aliianzia palepale ile pembe nyembamba ilipoishia, akaivuta kwenda nyuma. Basi ile pembe ya uwaraza ikawa ndiyo mlango wa njia. Aliyemwona alidhani mtu mwenyewe ameamua iwe hivyo, na kwa kweli ilikuwa imeamuliwa, ila si na yeye.

Hakikufichwa kitu. Uwaraza ulikuwa wazi, na Baba Jenipher akawa mwanaume wa kupendeza. Nasema hivi mimi ambaye sina sababu ya kumsifia, maana mbuzi wake wamekula mboga zangu mara nyingi.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Jumamosi jioni, kila baada ya majuma kadhaa, kigoda kinatolewa. Yeye anakaa chini, macho ameyafumba nywele zisimwingie, Antonia amesimama mbele yake, anakata, anarudi hatua nyuma, anamtazama, anakata tena. Akimaliza anampuliza usoni na kumwambia, "Nimekuwekea njia kulia, kama kawaida." Basi. Pama aliendelea kuivaa kwa ajili ya jua na kwa mazoea, lakini kanisani na kwenye jumuiya hakuwa tena akiinamisha kichwa. Mwisho tukamchagua mwenyekiti wa jumuiya, anaongoza rozari mbele za watu, kichwa wazi.

Halafu Antonia akafa. Kifua kilimsumbua msimu mmoja wa mvua, tukadhani ni baridi, na mvua zilipokatika tulikuwa tumeshamzika. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Bado nina hasira, na sijui ni ya nani.

Matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo ule walinyolewa, kama desturi ilivyo. Wengine nywele zikaota, maisha yakaendelea. Baba Jenipher aliendelea kujinyoa upara kwa wembe, kwa kupapasa, mwaka mzima. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na walikuwa na maana. Alikuwa anakuja kwenye jumuiya na mikwaruzo kisogoni, tunasali, tunanyamaza. Kila mtu alijua ni kwa nini. Kumpa mtu mwingine kichwa chake aliona kama kuoa tena.

Jenipher, mtoto wao wa pekee, ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea kule Bagara mjini. Alipochumbiwa na Adrian, kijana wa Mutuka, na tarehe ya ndoa ikapangwa, alikuja nyumbani kumwambia baba yake jambo moja. Nilikuwepo, nimepeleka maziwa.

"Baba, sitaki makubwa," alisema. "Mama hatakuwepo siku ile. Nataka unipeleke altareni ukiwa kama mama alivyokuwa anakuweka. Nywele zako, njia yako. Angalau kazi yake moja iwepo kanisani."

Kuanzia wiki ile Baba Jenipher hakushika tena wembe, na nywele zikaanza kurudi, sasa zina mvi nyingi kuliko tulivyokumbuka.

Zilipokuwa zimejaa vya kutosha, wiki kama mbili kabla ya harusi, alipanda bodaboda akaenda mjini kwa Twalha. Twalha ana saluni karibu na soko, ni kinyozi wa siku nyingi, msafi, hana haraka. Mambo ya ndani ya saluni siku hiyo sikuyaona, lakini wote wawili walinisimulia baadaye, na hawakupishana. Baba Jenipher alieleza kila kitu kwa ufasaha, maana alikuwa amefumba macho akisikiliza mkasi kwa miaka mingi: pembeni fupi, juu ndefu kidogo, mbele usichonge, njia fupi ianzie kwenye pembe. Twalha akampitishia mashine, namba tatu juu, namba moja pembeni, akaacha ukingo wa mbele kama ulivyo. Akauliza, "Njia upande gani, mzee wangu?"

"Kulia," akasema. Hakusita hata kidogo.

Twalha aliona ule upande una nywele nyepesi, akamuuliza tena kama ana hakika. Baba Jenipher akakasirika. Alimwambia mke wake aliikata kulia tangu mtoto akiwa darasa la tatu, sasa yeye ni nani wa kubishana na marehemu? Twalha akakata kulia.

Unaweza kukaa na mtu miaka na miaka, ukadhani unaufahamu uso wake, kumbe unaufahamu kwa ujumla tu. Jioni ile Baba Jenipher alipovua pama kwenye jumuiya, tulimwangalia sote. Kila kitu kilikuwepo. Pembeni pafupi, juu pamejaa, njia ipo. Lakini ile njia ilikuwa inapita kwenye vile vinywele vilivyotawanyika, haina pa kuanzia, na kipara cha upande ule kikaonekana kimepanuka mara mbili, kama barabara iliyoliwa na mvua. Alionekana mgonjwa. Alionekana mtu ambaye hana wa kumwangalia. Mimi nilijua kuna kitu kimekosewa, na kama ungenichapa viboko nisingeweza kukwambia ni nini.

Yeye mwenyewe, safari hii, alikuwa amejitazama kwenye kioo cha bodaboda iliyomrudisha. Aliniuliza tukiwa tunatoka.

"Mama Brightness, niko sawa?"

"Uko sawa," nikasema, na sauti yangu ikanisaliti.

"Hapana," akasema. "Labda mimi si yule tena. Labda nywele zimebadilika, au mimi nimebadilika, na Antonia alikuwa ananiona vizuri kwa sababu alinipenda tu."

Alivaa pama yake, akaenda. Nilisimama pale njiani nikiwa nataka kulia. Mwanaume kama yule anakwambia maneno yale mara moja tu maishani.

Jenipher alipokuja Jumapili, alimvua baba yake pama kwa utani, kama wafanyavyo mabinti. Utani ukaisha hapohapo. Alijaribu kutabasamu, halafu akaingia chumbani kwa mama yake akafunga mlango. Shangazi yake, dada wa Anselimu anayeitwa Rogathe, ndiye aliyekuwa na jawabu, maana Rogathe ana jawabu la kila kitu. Alisema apakwe piko, sehemu yote ile nyepesi ijazwe rangi, mstari uchorwe, nani atajua? Siku hizi maharusi wote wanapakwa, picha zinatoka safi. Na kama hataki piko, avae kofia nzuri, atamwombea ruhusa kwa padri mwenyewe.

"Kofia kanisani?" nikasema. "Rogathe, hebu tuheshimiane."

Lakini Baba Jenipher alikuwa amechoka. Alisema sawa, apakwe.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya ndoa, tulikwenda kwa Twalha watatu: baba, binti, na mimi niliyekuwa nafuata gauni langu kwa Jenipher. Rogathe alikuwa na kazi ya kupanga wapishi, namshukuru Mungu.

Twalha alimwamkia, akamkalisha kwenye kiti, akamfunga shuka. Alipoelezwa habari ya piko, alichanganya kidogo kwenye kisahani, akachukua brashi, akaipaka kwenye ukingo wa upande wa kulia, sehemu ndogo ya kuonyesha. Ilikuwa nyeusi tii. Pembeni yake mvi za mzee zilikuwa nyeupe, na chini yake paji lenye mikunjo ya jua la shambani. Ilionekana kama masizi ya sufuria.

"Mzee wangu, nitakwambia ukweli," Twalha alisema. "Kwa kijana inakaa. Kwako mtu ataanza kuona rangi, ndipo aone uso. Na kanisani kuna joto, ukitoka jasho itashuka."

Baba Jenipher alijitazama kwenye kile kioo kikubwa. "Mama yako angenicheka," akamwambia Jenipher.

"Angecheka mpaka akae chini," Jenipher akasema.

Twalha aliifuta ile rangi kwa pamba na spiriti, taratibu, akirudia mpaka ngozi ikawa safi. Akasema anaweza kushusha nywele za juu. Njia ya kwanza ilikuwa imeshaota kiasi, kwa hiyo akipitisha namba moja na nusu juu na nusu pembeni, nywele zote za juu zitakuwa sawa na zile zilizoota kwenye mstari, na mstari utapotea. Ila basi hakutakuwa na njia. Atakuwa na kichwa kifupi, nadhifu, cha mtu yeyote.

"Shusha," Baba Jenipher alisema. "Cha mtu yeyote kinatosha."

Twalha akapitisha mashine. Ile njia mbaya ilipotea kweli, mbele ya macho yetu. Kichwa kilikuwa safi na ukingo wa mbele umebaki laini. Sikuwa na la kulaumu. Lakini Jenipher alikuwa anang'ata kucha.

"Samahani kaka," alimwambia Twalha. "Naomba nimtazame kidogo."

Akazunguka kiti, akasimama mbele ya baba yake, mgongo kwa kioo. Alirudi hatua moja nyuma. Akainamisha kichwa upande, namna ile ile ya mama yake, na mimi sikujua kama mtoto yule amerithi hata hilo. Nafikiri hata yeye hakujua. Baba Jenipher alipomwona amesimama pale, alifumba macho. Hakuambiwa afumbe. Ni mazoea, kinyozi wake akisimama mbele, macho yanafumbwa.

Jenipher alichukua kitana mezani kwa Twalha, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaweka ncha ya kitana kwenye kichwa cha baba yake, pale pembe nyembamba inapoishia.

"Hapo," Baba Jenipher alisema, macho bado ameyafumba. "Hapohapo. Kulia."

Redio ya duka la jirani ilikuwa inatangaza bei za mahindi.

"Mzee wangu," Twalha akasema kwa sauti ya chini, "hapo ni kushoto kwako."

Baba Jenipher alifumbua macho. Alitazama mkono wa binti yake. Akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto kutoka chini ya shuka, akapapasa mpaka akaikuta ile ncha ya kitana, akaishika.

"Kulia kwake," akasema. "Alikuwa anasema kulia kwake."

Wakati huo ndipo akili yangu ilipofunguka. Miaka yote ile nilimwona Antonia kwa juu ya uzio, na sikuwahi kujiuliza kwa nini anasimama mbele. Vinyozi wote husimama nyuma ya mtu, kulia kwao na kulia kwa mteja ni kumoja, wanatazama kioo. Antonia hakuwa na kioo. Alisimama anaposimama mtu anayekuja kukusalimia, akamkata mumewe kwa namna atakavyoonekana na huyo mtu. Njia haichaguliwi kutoka kisogoni. Ule upande mwembamba aliuona kutoka mbele, akaona kwamba huo unaweza kubeba mstari na ule mwingine hauwezi.

Baba Jenipher alilia. Sikutegemea, na wala hakujificha. Alisema, "Nikadhani alikuwa ananisifia tu. Kumbe alikuwa ananitazama." Jenipher alimfuta kwa ncha ya lile shuka la saluni, nywele zikamganda mashavuni, ikabidi tucheke kidogo.

Twalha alichukua wembe mpya. Alikuja akasimama mbele, pale aliposimama Jenipher, akafuata ile alama. Alikata njia fupi, nyembamba, kuanzia kwenye pembe kwenda nyuma. Akarudi hatua moja, akatazama. Akaipunguza ncha ya nywele mbili tatu zilizojitokeza, akatosheka. Ule upande wa pili, wenye upana, aliuacha vilevile ulivyo, hakuuongezea wala kuuchonga, na sasa haukuwa unavuta jicho, kwa sababu jicho lilikuwa limeshapata pa kwenda. Uwaraza wake ulikuwepo wote, pembe zote mbili, mvi zote. Na alikuwa yeye.

Jenipher alisogea kumpisha aone kioo. Alijitazama kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa kioo kikubwa kitu ambacho mkewe alikiona kila Jumamosi.

"Ulikuwa hivyo, baba," Jenipher akasema.

Kesho yake kanisa lilijaa. Baba Jenipher alifika na suti ya kijivu na ile pama yake, na Rogathe akaanza kunung'unika kwamba hata leo hawezi kuiacha. Mlangoni, kabla ya nyimbo kuanza, aliivua mwenyewe, akanipa nimshikie. Akampa binti yake mkono. Walipofika mbele, alimkabidhi kwa Adrian, akageuka kurudi kwenye nafasi yake, na sisi sote kwenye mabenchi tukamwona kwa mbele, ile njia imeingia mahali pake. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba hata Antonia yupo. Nililia misa nzima, na sioni haya kusema.

Baada ya misa tulitoka nje kwenye jua kali kupiga picha, kama kawaida yetu. Mpiga picha akawapanga. Nilisogea na pama yake mkononi, nikaishika mahali ambapo angeiona kwa urahisi. Aliiona. Akageuza uso kwenye kamera, akanyoosha shingo, akasubiri apigwe picha. Pama hiyo ninayo mpaka leo, hajaja kuichukua.